Yunite zinaisha bila kupiga simu: tufunge forfe zinazojinunua zenyewe

Hapa Oicha kuna neno moja linalorudi kila wiki mlangoni pa redio: "Yunite zangu zinaibiwa." Mmoja anamlaumu muuzaji wa yunite aliye chini ya parasoli, mwingine anamlaumu mtoto aliyechezea telefone, na mwingine anasema ni rezo mbaya. Nikikaa na mtu na kusoma mesaji zake moja moja, mara nyingi simkuti mwizi wa namna hiyo. Nakuta forfe. Siku moja mtu alinunua mega, na ndani ya ununuzi ule kulikuwa swali la pili, kwa Kifaransa, akabonyeza 1 ili amalize haraka. Kumbe swali lile lilikuwa linauliza kama anataka forfe ijirudie yenyewe. Tangu siku hiyo laini yake inajinunulia.

Mimi nasema wazi: ndiyo ya namna hiyo si ndiyo. Mtu hawezi kukubali kitu ambacho hakukielewa. Lakini wakati tunangoja kampuni zibadilike, mkataba huo tunaweza kuufunga wenyewe, leo, kwa telefone ndogo ya vitufe, bila karatasi na bila kulipa safari ya kwenda Beni.

Jamaa waliokimbia kutoka upande wa Eringeti au njia ya Mbau na Kamango wanaelewa kwa nini ninalishughulikia jambo hili. Kwao yunite 20 si za mchezo. Ni simu ya kumuuliza jirani aliyebaki kijijini kama njia ya shamba inapitika kesho. Ni simu ya kujua kama mtoto aliyetengana na wengine amefika kwa shangazi. Anayekuta salio ni sifuri saa hiyo anaenda shambani bila habari, ama anabaki na njaa.

Tuelewe kwanza laini inafanya nini. Laini yako ina mfuko mkubwa, ndimo yunite zinamoingia unapotia kredi. Kwa kawaida hapa kwetu yunite 100 ni dola 1, franka zinabadilika kufuatana na bei ya dola siku hiyo. Ukinunua forfe, mashine ya kampuni inatoa yunite ndani ya mfuko mkubwa na kukufungulia mfuko mdogo: mega kadhaa, ama dakika kadhaa, zenye saa ya kufa. Forfe ya kawaida ikifika saa yake inakufa, na habari inaishia hapo. Ile inayojirudia ikifika saa yake inarudi kwenye mfuko mkubwa na kuangalia. Ikikuta yunite za kutosha, inachukua bei ileile na kuanza upya. Ikikuta mfuko mtupu, mara nyingi haikati tamaa, inangoja na kujaribu tena. Ndiyo sababu mtu anatia yunite na dakika ileile zinapungua. Anafikiri muuzaji amempunja, lakini kumbe forfe ilikuwa inangoja mlangoni tangu juzi.

Nitoe mfano wa mama mmoja anayeishi kwa jamaa waliompokea hapa, bila kutaja jina lake wala la kampuni ya laini yake. Binti yake aliye Butembo anamtumia yunite 100 kila siku ya posho, asubuhi. Mama ana telefone ndogo ya vitufe, ile yenye tochi, isiyofungua intaneti kabisa. Alisema: "Mtoto wangu, mimi sijapiga hata simu moja, na Siku ya Kwanza jioni nina yunite 5." Nilimuomba asifute mesaji yoyote, na kila mara aangalie salio na kuniandikia saa. Hivi ndivyo tulivyoona. Posho asubuhi zimeingia 100, na dakika ileile zimetoka 25, zimebaki 75. Saa sita ya mchana zimetoka 10, zimebaki 65. Siku ya Mungu asubuhi zimetoka 25, mchana 10, zimebaki 30. Siku ya Kwanza asubuhi zimetoka 25, zimebaki 5. Mchana ule hakikutoka kitu, kwa sababu huduma ya yunite 10 ilikuta 5 na kungoja.

Kwa siku tatu zimeenda yunite 95 kati ya 100. Tazama sasa zilinunua nini. Yunite 25 zilikuwa forfe ya mega ya saa 24, inayojirudia kila siku, ndani ya telefone isiyoweza kutumia mega hata moja. Laini hiyo ilikaa zamani katika telefone kubwa ya mjukuu wake, na mjukuu ndiye aliyenunua. Yunite 10 zilikuwa mesaji za matokeo ya mpira wa Ulaya. Mama hajui hata timu moja. Mesaji zilikuwa zinafika, ndiyo, lakini zilikuwa za Kifaransa na yeye alikuwa anazifuta ili sanduku lisijae.

Kwa hiyo usianze kwa kubonyeza ovyo. Anza kwa kujua ni nani anayekata. Chukua kikaratasi, andika salio asubuhi, mchana na jioni kwa siku mbili au tatu, na uzime intaneti kabisa siku hizo kama telefone yako inayo. Kama zinatoka jumla ileile, saa ileile, na intaneti imezimwa, hiyo ni forfe inayojirudia ama huduma ya mesaji. Kama zilikuwa zinatoka kwa jumla isiyoeleweka, mara 3, mara 17, wakati intaneti imefunguliwa, na baada ya kuizima zinatulia, basi mega zako zilikuwa zimekufa na telefone inaendelea kula yunite za mfuko mkubwa. Hiyo haina mkataba wa kufunga. Dawa yake ni kuzima `Données mobiles` kabla forfe haijafa. Na kama zinatoka mara moja tu, dakika ya kutia kredi, kumbuka kama uliwahi kukopa yunite kwa kampuni. Deni linajilipa lenyewe, na hapo hakuna aliyekudanganya. Baba mmoja alinikasirikia sana nilipomwambia hivyo, hadi mke wake akamkumbusha usiku aliokopa.

Ukishajua kwamba ni forfe inayojirudia, rudi katika menyu ileile uliyonunulia, ile inayoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya `#`. Kila kampuni ina yake na inaibadilisha inapotaka, kwa hiyo sitaandika namba ambayo kesho itakuwa imekufa. Muuzaji yeyote wa yunite anaijua kwa kichwa. Ndani yake usitafute mahali pa kununua. Tafuta mstari wenye maneno kama `Mes forfaits`, `Mes abonnements` ama `Mes services`. Mara nyingi uko chini kabisa, kwenye ukurasa wa pili, na unapaswa kubonyeza `Suivant` ili uuone. Ukiingia, utaonyeshwa majina ya vitu ambavyo laini yako inalipia. Chagua kimoja, kisha tafuta `Renouvellement automatique` na `Désactiver`. Wengine wameandika `Se désabonner`. Itauliza tena kama una hakika, na hapo ndiyo yako ni ya kweli.

Angalia hapa neno moja linaloumiza watu. Katika menyu nyingine kuna kufunga kurudia, na kuna kufunga forfe yenyewe. Ukifunga kurudia, kwa kawaida mega zako zilizobaki zinaendelea hadi saa yake ya kufa. Ukifunga forfe yenyewe, unaweza kuzipoteza papo hapo. Kwa hiyo ukiona `Annuler le forfait`, usikimbilie. Unatafuta `renouvellement`. Kama husomi Kifaransa, mpe mwanafunzi wa sekondari asome, lakini telefone ibaki mkononi mwako na wewe ndiye ubonyeze.

Kwa huduma za mesaji, yaani mpira, nyota, sala za kila siku, mashauri ya mapenzi, mlio unaomwimbia anayekupigia, njia ni nyingine. Angalia mesaji imetoka wapi. Utakuta namba fupi ya tarakimu chache, si namba ya mtu. Andika mesaji yenye neno hili peke yake na uitume kwa namba hiyo fupi:

```
STOP
```

Kama namba moja ina huduma nyingi, mesaji ya kwanza waliyokutumia ulipoingia huwa inaeleza uongeze neno gani baada ya `STOP`. Ndiyo sababu nasema msifute mesaji. Ule mlio wa kungojea mara nyingine haujibu `STOP`. Unafungwa ndani ya `Mes services`.

Kuna mtego mmoja hapa, na umewapata hata watu wenye masomo. Telefone zetu nyingi zinabeba laini mbili. Mtu anaandika `STOP`, telefone inaituma kwa laini ya pili, na mashine inamjibu kwamba hana huduma yoyote. Anafurahi, anafikiri imekwisha. Ile laini ya kwanza inaendelea kuliwa. Kama huna hakika, toa laini moja, baki na ile inayokatwa, kisha tuma.

Baada ya kufunga, ngoja mesaji ya kukubali. Isipokuja, jambo halijaisha. Na hata ikija, fanya jaribio. Usijaribu na mfuko mtupu, kwa sababu kwenye mfuko mtupu hakuna cha kuchukua na utadhani umepona. Weka yunite zinazozidi kidogo bei ya ile forfe, intaneti imezimwa, ulale nazo, upitishe saa ambayo zilikuwa zinakatwa. Mama yetu aliweka 40. Asubuhi zilikuwa 40, na mchana pia 40. Hapo ndipo tulisema zimefungwa. Kwake forfe ilifungwa mara ya kwanza, lakini mpira uliendelea siku moja zaidi, kwa sababu `STOP` ilitumwa usiku wakati rezo imeanguka na mesaji ilibaki ndani ya telefone bila kwenda. Tuliituma tena asubuhi.

Wengi wanauliza: kwa nini nisipige tu simu kwa kampuni? Piga, kama unaweza. Mwambie anayejibu afunge kurudia kwa forfe na huduma zote za kulipia, na umuombe namba ya malalamiko yako uiandike. Lakini kwa wakimbizi wa ndani njia hiyo ina mlango mwembamba. Anayejibu ataweza kukuuliza jina lililoandikishwa kwenye laini na karatasi iliyotumika, na kwetu mara nyingi ni kadi ya uchaguzi. Kadi imeungua pamoja na nyumba. Ama laini ilinunuliwa barabarani, tayari imeandikishwa kwa jina la mtu usiyemjua. Hapo mazungumzo yanaishia. Menyu na `STOP` haziulizi jina. Zinaamini laini iliyo ndani ya telefone. Ndiyo sababu nawashauri waanze na menyu, hata kama ni ya kuchosha.

Na mtu akikupigia mwenyewe, akisema anatoka kampuni na anataka kukusaidia kufunga forfe, halafu akaomba namba yako ya siri ya pesa za simu, kata. Kufunga forfe hakuhitaji namba ya siri ya pesa. Hakuna mahali ambapo mambo hayo mawili yanakutana.

Tukitaja pesa za simu, kuna desturi moja ninayoipenda kwa jamaa wenye feza kidogo. Kama mtoto wa mbali ana M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, asikutumie yunite. Akutumie pesa, na wewe ununue forfe kutoka pesa hizo siku unayoihitaji. Kununua kwa pesa za simu kunakuomba namba ya siri, kwa hiyo unajua unapotoa. Mfuko mkubwa wa yunite unabaki karibu mtupu, na kile kinachongoja mlangoni hakipati kitu. Ubaya wake ni kwamba simu ya haraka ya yunite chache inakuwa ngumu, na ukitaka kutoa pesa taslimu kuna malipo ya kutoa. Kila mtu apime kufuatana na maisha yake.

Sasa niseme upande wa kampuni, kwa sababu si haki kuacha kazi yote kwa mama mwenye tochi. Kurudia kwenyewe si kubaya. Muuguzi anayepokea habari za wagonjwa kwa Watsap, ama mfanyabiashara anayefuata bei ya kakao kila siku, anapenda mega zake zisikatike katikati ya neno. Alichagua na anajua bei, aachwe. Ninachokataa ni mambo mawili: kwamba swali linakuja kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi, na kwamba kuingia ni kitufe kimoja na kutoka ni kurasa nne.

Kuna jambo baya zaidi ya menyu. Ni zile mesaji zinazorukia juu ya kioo cha telefone zenyewe, bila kuitwa, zenye `OK` upande mmoja na `Annuler` upande mwingine. Mtu anabonyeza `OK` ili aiondoe apige simu yake, na katika nyingine `OK` hiyo ndiyo inayomwingiza kwenye huduma. Mkimbizi aliyeshika telefone akimtafuta mtu wake hana nafasi ya kusoma tangazo la mpira. Mama yetu, nafikiri, mpira ulimwingilia kwa mlango huo.

Msiniambie ni vigumu kubadilisha. Wakongomani wanakumbuka RAM, ile tozo ya kuandikisha telefone, iliyoanza kukata yunite zetu mwaka 2020. Watu walilalamika sokoni, bungeni, redioni, na mwaka 2022 iliondolewa. Ile ilikuwa ya serikali, na hii ni ya biashara, sizichanganyi. Lakini zinafanana kwa hili moja: mkono unaingia mfukoni mwa mtu na yeye anajua baadaye. Nchi ina sheria ya mawasiliano, namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na ina ARPTC, chombo kinachosimamia kampuni hizo. Naomba ARPTC ilazimishe mambo matatu madogo. Forfe yoyote ianze bila kurudia, na kurudia kuwe ni kitu ambacho mtu anakwenda kukitafuta mwenyewe. Kabla ya kukata, mesaji itangulie, na kwetu sisi wa mashariki iwe na Kiswahili. Na huduma ikikuta mfuko mtupu siku saba mfululizo, ijifunge, isikae ikivizia yunite ambazo mtoto ametuma kwa ajili ya mama yake.

Kuhusu yunite zilizokwisha kwenda, nisidanganye mtu: kurudishwa ni nadra. Wanaopata nafasi ni wale wenye ushahidi, yaani mesaji ya kuingia, saa za kukatwa, na namba ya malalamiko. Mama yetu hakurudishiwa zake. Binti yake bado anatuma 100 kila posho, na posho iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu wakimbie, waliongea hadi mama mwenyewe akasema inatosha, akamtaka binti aende kupika.

Wenye taabu kama hiyo waje redioni siku ya kazi, baada ya saa nane ya mchana, na telefone yenye moto, mesaji zote zikiwa ndani, pamoja na kikaratasi cha salio la siku tatu. Ambao hawana kikaratasi waanze kuandika leo jioni.